Alisoma Fatiha Bila Kukosea: Kupima Hali ya Akili ya Mgonjwa na Kuiandika Kwenye Faili



Somo la toleo hili nimelichukua kutoka kwenye kosa langu mwenyewe. Niko kwenye masomo ya udaktari hapa Mbale, na kijana nitakayemweleza alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Amelisoma somo hili na ameniruhusu nilitoe, ila nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Ndugu mnaosoma sheria, elimu au biashara, msilifunge gazeti. Mwenzenu akianza kusema mambo yasiyoeleweka usiku hosteli, ninyi ndio mtakaompeleka kwa daktari na ninyi ndio mtakaoulizwa maswali. Nusu ya ninayoyaeleza hapa hutegemea majibu yenu.

Kijana huyo alitoka Nairobi, akafika Mbale kuanza mwaka wa kwanza. Katika wiki yake ya saba alikaa siku 3 bila kwenda darasani. Siku 2 za mwisho hakulala usiku, alizungumza peke yake na alisema anaona watu chumbani. Wenzake walimsomea ruqya, kisha wakamwita sheikh mmoja wa jirani. Sheikh akasoma, akamgusa paji la uso, akawaambia, "Wanangu, huyu mwili wake una moto. Mpelekeni hospitali." Wakampandisha bodaboda wakamleta kwenye kliniki ambayo nilikuwa nafanya mazoezi. Kliniki yenyewe sitaitaja, kwa sababu kosa ninalolieleza ni la kalamu yangu.

Hii hapa ndiyo karatasi niliyoiandika jioni ile. Faili zetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Mwanaume, miaka 20. Ameletwa na marafiki. Anasikia na kuona majini. Ana imani potofu kuhusu majini. Hali ya kumbukumbu na akili ni nzuri: amesoma Fatiha na sura 3 fupi bila kosa. Hana mawazo ya kujidhuru. Saikosisi."

Aliyekuwa zamu aliisoma, akaniamini, na kijana akachomwa sindano ya kutuliza. Kwa kuwa karatasi ilisema ni ugonjwa wa akili, hakuna aliyemtoboa kidole.

Karatasi hiyo ina makosa karibu katika kila sentensi, na kila kosa lina hatua yake katika kupima hali ya akili. Nitazipitia hatua hizo kwa mpangilio, lakini baadhi nitazipita haraka kwa sababu hazikuwa na shida kwa mgonjwa huyu.

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni nini. Kupima hali ya akili ni kama kumpima mtu kifua kwa kifaa cha kusikilizia. Ni picha ya saa ile moja: nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa masikio yangu. Waliyoyasimulia marafiki kuhusu jana na juzi ni historia, na historia ina sehemu yake kwenye faili. Mimi niliandika "anasikia na kuona majini", kumbe mbele yangu kijana hakuwa ametaja jini hata mara moja. Neno hilo lilitoka kwa rafiki yake mlangoni. Nikalichukua, nikaliweka mdomoni mwa mgonjwa.

Kabla ya hatua yoyote andika tarehe na saa, mahali, lugha mliyotumia, aliyekuwepo chumbani, na dawa alizopewa mgonjwa kabla hujamwona. Saa ina mtego wake kwetu. Rafiki akisema "ilianza saa mbili usiku", anakusudia 20:00. Nimeona faili ambazo mwandishi aliyefikiri kwa Kiingereza aliandika 02:00, na kwa ugonjwa unaobadilika kati ya jioni na alfajiri tofauti hiyo ya saa 6 huharibu hadithi yote. Siku hizi namrudishia msemaji swali, "Baada ya Isha, au karibu na Alfajiri?" Jibu likija, naandika kwa saa 24.

Lugha nayo iandikwe. Katika wodi za Mbale utasikia Lumasaba, Ateso, Luganda, Lusoga na Kiswahili kwa siku moja, na mara nyingi mkalimani ni mjukuu au jirani wa kitanda. Mkalimani wa namna hiyo hupenda kukufupishia. Mama mmoja mzee alikuwa akinong'ona, na mjukuu wake akaniambia, "Anaongea ovyo tu." Nilimwomba anipe neno kwa neno. Kumbe bibi alikuwa anataja majina ya watoto wake waliofariki, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao. Ningeandika "usemi usioeleweka" ningekuwa nimesema uongo kwenye faili ya serikali. Jambo hili wataalamu walishughulika nalo zamani hapa Uganda. John Orley na John Wing, katika utafiti wao wa vijiji viwili uliochapishwa mwaka 1979, walitumia mahojiano maalumu ya hali ya akili yaliyotungwa Uingereza, na ilibidi kwanza yatafsiriwe kwa Kiganda kabla ya kuulizwa kijijini. Sisi wodini hatuna muda wa kutafsiri hivyo, ila tunaweza angalau kuandika: "Kupitia mkalimani, mjukuu wake, Lumasaba kwenda Kiswahili."

Hatua ya kwanza ni kutazama: mwonekano na mwenendo. Hapa ndipo tunapotakiwa kuanzia na jambo ambalo mimi niliruka, yaani kiwango cha fahamu. Je, yuko macho kabisa? Ukimwita, anageuka mara moja au unaita mara 3? Katikati ya mazungumzo anasinzia kisha anashtuka? Ukianza na fahamu, hatua zote zinazofuata zinakuwa na maana, kwa sababu mtu ambaye fahamu yake imefifia hawezi kutoa jibu la kuaminika kuhusu huzuni yake, imani zake wala sauti anazozisikia. Baada ya hapo ndipo unaandika nguo, usafi, mwendo wa mikono, na jinsi anavyohusiana nawe.

Kijana yule alikuwa akichunachuna shuka kwa vidole, kama mtu anayeokota nyuzi. Niliona. Sikuandika, kwa kuwa sikujua ni dalili. Wauguzi wa zamani wanaijua vizuri sana.

Neno moja kwa tunaowapima dada na kaka zetu: usiandike "haangalii usoni" kana kwamba ni ugonjwa. Binti aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mwanaume asiye maharimu wake, au kijana wa Kigisu anayemheshimu mkubwa wake, anafanya alichofunzwa. Andika ulichokiona, kisha uliza aliyekuja naye kama ndivyo alivyo siku zote.

Usemi ni hatua fupi. Unapima sauti, kasi na mfululizo, bila kujali maana. Kijana alizungumza kwa sauti ya chini, akianza sentensi na kuiacha njiani. Hali ya moyo nayo huandikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno yake ndani ya alama za kunukuu, mara ya pili kama wewe unavyomwona. Akisema "niko sawa" huku machozi yanamtoka, yote mawili yaandikwe yakae pamoja. Usichague moja.

Mawazo yana pande mbili, na wanafunzi tunazichanganya sana. Kuna jinsi mawazo yanavyofuatana, na kuna yaliyomo ndani yake. Mfuatano hauelezeki vizuri kwa sifa kama "yamevurugika". Nukuu sentensi mbili tu za mgonjwa, na msomaji wa faili ataona mwenyewe. Yaliyomo ndiyo mahali nilipoandika "imani potofu kuhusu majini", na hapo nilikosea kwa namna inayotuhusu sana sisi Waislamu.

Imani ya kwamba majini wapo siyo dalili ya ugonjwa. Ni imani ya mgonjwa, ya sheikh aliyemsomea, ya mama yake Nairobi, na yangu. Katika elimu ya magonjwa ya akili, imani huitwa potofu pale mtu anapoishikilia kwa uhakika usiotikiswa na hoja wala ushahidi, na pale ambapo hata watu wa dini na jamii yake wenyewe wanaiona ngeni. Kwa hiyo swali zuri humwendea anayeshiriki imani hiyo. Kesho yake nilimuuliza rafiki wa kijana, "Haya anayoyasema mwenzenu, ni kama watu wenu wanavyosema kuhusu majini?" Akatikisa kichwa. "Hapana, ndugu. Sisi ndio tuliosema jini. Yeye alisema anaona siafu ukutani, na akaniambia mimi ni kaka yake aliye Mombasa."

Upande wa pili wa kosa hilo upo pia, na huonekana kwa madaktari wenye dini kama sisi: kuona kwamba kwa kuwa jini ni imani halali, basi hakuna cha kuandika. Mtu akisema jini limemwamrisha asile, au amchome mwenzake, hayo maneno lazima yaandikwe yalivyo, na lazima aulizwe kama anadhani ataitii amri hiyo. Hukumu ya kama ni jini au la haihitajiki kwenye karatasi. Kinachohitajika ni alichosema, anavyokishikilia, na anachokusudia kufanya.

Ndani ya hatua hii hii ndimo linamoulizwa swali la kutaka kufa. Wengi wetu tunaliogopa, au tunaliuliza kwa namna inayofunga mdomo: "Huwezi kuwa unafikiria kujiua, sivyo? Unajua ni haramu." Nani atajibu ndiyo? Panda ngazi polepole. Anza na maisha kuwa mazito, kisha kama amewahi kuona afadhali asiamke asubuhi, kisha kama amefikiria kujiua, kisha kama amepanga njia na ana kitu hicho karibu. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kila ngazi aliyojibu iandikwe.

Mimi niliandika "hana mawazo ya kujidhuru". Ukweli ni kwamba sikumuuliza. Naomba ukae kidogo na jambo hili, kwa sababu ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika faili. Kuna maneno matatu tofauti: "amekanusha", maana yake niliuliza akasema hapana, "sikuuliza", na "haikuweza kupimwa", maana yake nilijaribu lakini hali yake haikuruhusu jibu. Daktari wa usiku akisoma "hana", atamwacha mgonjwa karibu na dirisha la ghorofa ya pili. Akisoma "haikuweza kupimwa", atamsogeza na kumwekea mtu wa kukaa naye.

Kisha yanakuja maruweruwe, yaani kuona, kusikia au kuhisi kitu ambacho hakipo. Uliza kwa milango yote ya fahamu, na andika ni upi. Hili lina uzito. Katika skizofrenia na magonjwa ya jamaa yake, kwa kawaida maruweruwe huwa ya kusikia zaidi, sauti zinazomsema mtu huku fahamu yake iko macho kabisa. Mtu anapoona vitu, wadudu ukutani, watu wadogo kitandani, hasa kama jambo limeanza ndani ya siku chache na huzidi usiku, fikiria kwanza mwili: homa, maambukizi ya ubongo, sukari kushuka, dawa, pombe iliyoachwa ghafla. Siyo sheria isiyovunjika, ila inatosha kukufanya upime damu kabla hujaandika neno saikosisi.

Sasa tufike kwenye Fatiha.

Hatua ya kupima akili yenyewe ina vipande kadhaa: kama mtu anajua yuko wapi na ni lini, kama anaweza kukaza makini, na kama anaweza kushika jambo jipya. Nilipofika hapo, kijana alikuwa anahangaika, nami nikaona aibu kumuuliza mwanafunzi wa chuo kikuu "leo ni siku gani". Nikamwambia, "Nisomee kidogo." Akasoma Fatiha, akaendelea na sura fupi, makhraji mazuri, bila kukwama. Nikajiambia akili hii ni nzima.

Kitu alichokisoma mtu maelfu ya mara tangu utotoni hakitumii makini ya leo. Kinajiendesha chenyewe. Ni vivyo hivyo kwa kuhesabu 1 mpaka 20, kutaja siku za wiki kwa mpangilio wake, au kuitikia salamu. Mgonjwa ambaye ubongo wake umezongwa na homa anaweza kuitikia "wa alaykumu salaam" vizuri kabisa na asijue yuko nchi gani. Ili kupima makini, lazima umpe kazi inayomlazimisha kushika jambo kichwani na kuligeuza. Rahisi kuliko zote ni kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Disemba. Siku za wiki pia hufaa, ingawa kwa Kiswahili zina hesabu ndani yake, Jumanne, Jumatatu, na hilo humsaidia mtu kidogo. Kwa asiyesoma, au asiyeweza kusema sana, kuna njia ya herufi: unamshika mkono, unamwambia aubane kila akisikia A, kisha unasoma polepole S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Kubana pasipo A ni kosa, kuacha kubana penye A ni kosa. Yakizidi makosa 2, makini yake ina shida.

Kwa mahali na wakati, yatumie mazingira. Muulize ameswali swala gani ya mwisho na inayofuata ni ipi. Tuna bahati hapa Mbale kwamba karibu kila dirisha la upande wa mashariki linaonyesha Wanale. Jioni ile, nikiwa namaliza, nilimuuliza kijana kwa mazungumzo tu, "Umeshapanda mlima ule?" Akautazama, akasema, "Ngong? Nimepanda na baba." Nikacheka, nikadhani ni utani wa mtu wa Nairobi. Leo najua kwamba jibu lile lilikuwa kipimo kamili kilichojileta chenyewe. Mtu ambaye fahamu imefifia mara nyingi hukigeuza kigeni kuwa kile anachokijua: wodi inakuwa chumba cha kwao, muuguzi anakuwa mama, Wanale inakuwa Ngong. Ningeandika maneno yale manne tu, yeyote ambaye angesoma karatasi angesimama.

Sista wa usiku ndiye aliyesimama. Karibu na saa 7 usiku kijana alimwita kwa jina la mama yake huku akichuna shuka, na sista hakutafuta maelezo marefu. Alimpima malaria kwa kipimo cha haraka, kikatoa jibu chanya. Alipima sukari, ikawa 5.1. Joto lililokuwa 37.2 jioni lilikuwa limefika 39.4, na baadaye marafiki walikumbuka kwamba mchana walimpa panadol. Kijana hakuweza tena kuketi bila kushikiliwa, na hilo peke yake ni dalili ya malaria kali. Alfajiri alipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbale.

Hapa niongeze neno kuhusu Nairobi. Sisi tuliokulia huku tumeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili umejifunza kiasi cha kuidhibiti. Anayetoka nyanda za juu zisizo na malaria nyingi hana kinga hiyo hata akiwa na miaka 20 na misuli ya mpira. Kwa mwanafunzi mgeni aliyebadilika tabia ndani ya siku chache, kipimo cha malaria kitangulie kila kitu.

Daktari wa wodi alisoma karatasi yangu, hakunigombeza. Akasema, "Nenda kampime upya, uniandikie nilichokuwa ningekiona mimi kama ningekuwa pale." Hii ndiyo niliyoandika:

"07:40. Wodini, kwa Kiswahili, rafiki wa chumba kimoja yupo. Alichomwa sindano ya kutuliza jana 16:40, kwa hiyo usingizi unaweza kuwa kwa kiasi fulani wa dawa.

Mwonekano na mwenendo: amelala, anafumbua macho akiitwa kwa sauti, anasinzia tena baada ya nusu dakika. Midomo imekauka. Anachuna shuka kwa mkono wa kulia. Ameitikia salamu.

Usemi: sauti ya chini, sentensi hazimaliziki.

Hali ya moyo: 'Naogopa.' Anaonekana mwenye hofu, akitazama kona ya chumba.

Mawazo: hayafuatani. 'Mwambie dereva asimame, siafu wameingia kwenye... baba alisema mlango.' Hakutaja majini. Wenzake wanasema neno jini lilikuwa lao. Mawazo ya kufa: haikuweza kupimwa, irudiwe akiamka vizuri. Akae na mtu, mbali na dirisha.

Maruweruwe: anaonyesha ukuta na kusema 'siafu'. Sikuona mdudu. Sauti: hakujibu swali.

Akili: jina lake sahihi. Mahali: 'nyumbani Nairobi'. Jana aliuita Wanale 'Ngong'. Wakati: 'usiku', ilhali jua limechomoza. Miezi kinyumenyume: 'Disemba, Novemba... Disemba', akaacha. Herufi A: makosa 5 kati ya 10. Kumbukumbu ya vitu 3: hakuweza kurudia hata kimoja. Fatiha anaisoma vizuri, ila hiki si kipimo cha makini.

Kujitambua kama mgonjwa: 'Siumwi, nasubiri gari.'

Muhtasari: fahamu imefifia na makini ni mbovu, imeanza ndani ya siku 3, hubadilika na huzidi usiku, anaona visivyokuwepo. Hii ni diliriamu. Malaria chanya. Homa ya uti wa mgongo bado haijaondolewa."

Ona kwamba neno la ugonjwa limekuja mwisho, na kila kilicho juu yake anaweza kukipinga mtu mwingine akiwa na ushahidi uleule. Daktari alitoa maji ya uti wa mgongo kwa sababu ya sentensi ile ya mwisho, yakawa safi. Artesunate ilianza asubuhi hiyo, ikarudiwa baada ya saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka alipoweza kumeza vidonge.

Nilimpima tena jioni, kwa sababu diliriamu ikipimwa mara moja tu hukudanganya: kuna saa mgonjwa anaonekana mzima, na aliyempita saa hiyo ataandika kwamba mwenzake alizidisha. Jioni alitaja miezi hadi Agosti. Usiku wa kwanza akarudi nyuma, siafu wakarudi. Siku ya tatu alitaja miezi yote kwa sekunde 15, akakumbuka vitu 3 baada ya dakika 5, na nilipomuuliza mlima ule ni upi alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Siku hiyo ndipo nilipomuuliza maswali ya kutaka kufa, ngazi kwa ngazi, na ndipo nilipopata haki ya kuandika "amekanusha".

Karatasi ya kwanza bado imo kwenye faili. Nilitaka kuichana, daktari akanizuia: kilichoandikwa hakifutwi, hakipakwi wino mweupe, wala hakibadilishwi tarehe. Hupigwa mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka, kisha unaandika kando. Sikupiga mstari hata kwenye sentensi ya Fatiha, kwa kuwa ni kweli aliisoma. Chini yake niliongeza: "Nyongeza, siku iliyofuata, 08:15. Maneno kuhusu majini yalitoka kwa marafiki, si kwa mgonjwa. Sikupima makini wala mahali na wakati. Sikuuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Tazama kipimo cha 07:40." Nikaweka sahihi na jina langu kwa herufi kubwa.